Alama ya Jamna

Nimeacha kukanda wazazi waliotoka kujifungua mwaka huu, kwa sababu vidole vyangu havikunjuki tena vizuri asubuhi. Mabinti niliowafundisha huko Mbugani na Ipinda wananiuliza mambo ambayo hayamo katika kukanda, na moja wanalouliza zaidi ni lile la Wahindi wa Mwaya: ni kweli niliwahi kusoma miili ya watu? Sikusoma. Nilitazama tu, na mwingine ndiye aliyesoma. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko mnavyodhani, nami nitaieleza ilivyokuwa.

Mama yangu alikuwa Mkisi wa Ikombe, mfinyanzi. Baba alikuwa Mnyakyusa wa Makwale. Kwa hiyo nilikua nikijua udongo kabla sijajua watoto wachanga, na nilipoanza kazi, mikono yangu tayari ilikuwa imezoea kuhisi kitu cha mviringo bila kukitazama. Aliyenifundisha ukunga ni shangazi yangu Sekela. Shangazi hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku ya kwanza alinipa mafuta ya mnyonyo kwenye kibuyu, akanisukuma mbele ya mwanamke aliyejifungua juzi yake, akasema, “Anza mgongoni. Akipiga kelele, umekosea. Akilala, umepatia.” Yule mwanamke alipiga kelele, kisha akalala, nami mpaka leo sijui nilihesabiwa vipi.

Wakati huo Mdachi alikuwa na boma lake mlimani Tukuyu, na pale Mwaya, palipokuwa na gati la meli, palikuwa na maduka ya Wahindi. Moja lilikuwa la kijana aitwaye Premji, aliyeishi na mama yake mjane. Sote tulimwita yule mama Ba, kwa kuwa kwa lugha yao ndiyo maana yake, mama. Ba alikuwa anaumwa magoti. Alisikia habari za Shangazi, akatuita tumkande; Shangazi hakupenda harufu ya hingi, kiungo chao kikali, jikoni mwao, akanituma mimi. Nilikwenda kwa ajili ya magoti nikabaki miaka.

Katika duka lile alikaa mzee mmoja wa Kibrahmini aliyeitwa Joshi. Alipima vitambaa mchana na kufanya ibada zao asubuhi na jioni. Kiswahili chake kilikuwa cha Bagamoyo, kizuri kuliko changu, kwani mimi Kiswahili nilikikuta nikiwa mkubwa. Joshi alikuwa na elimu ya kwao ya kusoma alama za mwili, wanayoiita samudrika. Wazazi wa Kihindi kutoka maduka mengine, hata wa upande wa Karonga, walimletea watoto na wachumba wasomewe. Lakini palikuwa na shida moja. Mwanamume anaweza kuvua shati mbele ya Joshi. Mwanamke hawezi, na Joshi mwenyewe hakutaka. Kule kwao, alisema, kulikuwa na dada yake aliyemtazamia. Hapa hakuwa na mtu.

Siku moja nikiwa namalizia magoti ya Ba, Joshi alinisemesha kutoka upande wa pili wa pazia lililotenga wanawake.

“Tusajigwe, mwanangu. Mikono yako inaona vizuri. Macho yako je?”

Nikamwambia macho hayajambo.

“Basi nitakufundisha kutazama. Kusoma niachie mimi.”

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Masomo yake sikuyaandika popote, ila nayakumbuka kwa sababu alinirudisha kila nilipokosea, tena kwa upole unaoudhi.

Alama ndogo ya mwilini, ile tuionayo shavuni au begani, wao huiita til, yaani ufuta, kwa kuwa ni kama punje yake. Kuna baka kubwa jekundu analozaliwa nalo mtu, hilo huitwa kwa jina la kitunguu saumu. Na kuna chunjua, iliyoinuka. Kila moja niliyoiona nilipaswa kueleza imekaa wapi hasa, kulia au kushoto, ina rangi gani, ni ya mviringo au ina pembe, imelala au imeinuka, ina nywele au haina. Kwa mwanamke upande wa kushoto ndio wenye heri, kwa mwanamume wa kulia. Rangi ya asali, au nyekundu, au kijani hafifu kama choroko, kwa kawaida ni njema. Nyeusi tititi ni nzito. Lakini kawaida hiyo ina mahali pake pa kugeuka. Til nyekundu kwenye ncha ya pua ya mwanamke ni ya mke wa mfalme, nyeusi mahali hapohapo ni ya kumuua mume. Chini ya kitovu, alama yoyote ni njema. Kwenye kifundo cha mguu ni ya ufukara. Sikioni, shavuni au shingoni, ikiwa kushoto, mimba ya kwanza ni mtoto wa kiume. Na mwanamke husomwa akianzia nyayo, ukapanda mpaka kwenye nywele. Ukianzia usoni, alisema Joshi, utakuwa umeshampenda au umeshamchukia kabla hujafika miguuni.

Somo alilolirudia kuliko yote lilikuwa hili: alama ni ile aliyozaliwa nayo mtu, au iliyojiotea yenyewe. Iliyotiwa na moto, kisu, sindano ya chale au ugonjwa haisomwi kama til. Wanawake wa kwao wengi walikuwa na nukta za chale usoni na mikononi, za kijani, nzuri mno. Hizo ilibidi nizijue nizipite.

Kueleza kwa mdomo kulinishinda. Ningesema “karibu na bega,” naye angeuliza karibu kiasi gani, nami ningetapatapa. Mwishowe nilifanya nijuavyo. Nilileta udongo wa Ikombe, nikafinyanga kiwiliwili cha mwanamke kirefu kama mkono wangu, bila kichwa, kwa heshima, na palipo na alama nikabonyeza kwa ncha ya unyasi. Joshi alikipokea, akakigeuza, akacheka mpaka akakohoa. Tangu hapo sikwenda kwake bila udongo. Kichwa nilikifinyanga peke yake kilipohitajika. Ninyi mnaokaa na daktari wa siku hizi mtacheka, lakini jaribuni siku moja kumweleza mtu mahali pa jipu kwa maneno.

Na kiganja? Hilo pia mnauliza, kwa kuwa siku hizi kila anayeshika mkono wa mtu anajiita mtabiri wa Kihindi. Nilimuuliza Joshi hivyohivyo. Alinyosha mkono wake wa kulia, akanionyesha mistari mitatu mikubwa, wa uhai ukizunguka dole gumba, wa akili katikati, wa moyo juu. Akanigusisha vilima vya nyama chini ya kila kidole, kila kimoja kikiwa na sayari yake. Akanionyesha vimistari chini ya kidole cha mwisho, vya ndoa, na alama kama samaki ambayo wengine huwa nayo karibu na kifundo cha mkono, na kusema ni ya bahati.

“Kiganja ni chumba kimoja katika nyumba,” alisema. “Samudrika ni nyumba nzima, na kiganja kimo ndani yake. Mistari ya kiganja hubadilika. Kazi huibadilisha, ugonjwa huibadilisha, mwaka huu imekatika, mwaka kesho imeungana. Ndiyo maana anayesoma kiganja husema habari za mambo yajayo na yanayopita. Til haitembei. Inasema mtu ameumbwaje. Na jambo lingine: mkono mwanamke aweza kuupitisha nje ya pazia, kila mpita njia akausoma. Mwili hauwezi kupitishwa.”

Hilo la mwisho nililiona kuwa dogo. Halikuwa dogo.

Premji alioa. Bibi harusi alitoka kwao Kathiawar, akaja kwa bahari mpaka Chinde, kisha kwa mito na kwa miguu na kwa meli ya ziwa, akashuka Mwaya akiwa amekonda kama fito. Jina lake Jamna. Mimi ndiye niliyemwogesha siku ile. Nilimtazama kuanzia nyayo kama nilivyofundishwa, nikaona til mbili tu: moja ya rangi ya asali chini ya kitovu, moja nyekundu shingoni upande wa kushoto. Nilibonyeza udongo, Joshi akasoma, Ba akafurahi. Mjukuu wa kiume alikuwa amekwisha ahidiwa.

Jamna alikuwa mtu wa kimya. Kwa mila yao mkwe hasemi na mama mkwe akiwa amejifunua uso, wala hamjibu kwa kumpinga. Kwangu alizungumza kidogo kidogo kadiri Kiswahili kilivyomwingia. Aliniita dada. Neno la Kinyakyusa alilolipenda ni “ndaga”, asante; alilisema hata pasipohitajika, hata akikanyagwa.

Alipokuwa na mimba ya miezi kadhaa, Premji akashikwa na homa. Mwaya palikuwa na mbu wa kutisha, kila mtu aliugua, lakini hii ilikuwa ile ya mkojo mweusi, ambayo watu wengi hawakuinuka nayo. Ba alikaa kitandani pa mwanawe usiku na mchana. Magoti yake hakuyataja tena.

Ndipo akapita sonara mmoja akitoka upande wa Karonga, akingojea meli. Alijitia kujua viganja. Ba akamwita. Jamna akapitisha mkono nje ya pazia, sonara akautazama, akatikisa kichwa, akasema mstari wa ndoa umekatika. Akala, akashukuru, akaenda zake gatini. Sina neno juu ya usonara wake. Pete alizotengeneza zilikuwa nzuri.

Siku iliyofuata Ba alisimamia mwenyewe kuoga kwa Jamna, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na akaona juu ya titi la kushoto alama nyekundu ya mviringo.

Nilipofika kesho yake asubuhi nilimkuta uani, amekaa chini, mgongo ukutani.

“Mugonile, Ba,” nikamwamkia.

Hakuitikia. Akasema, “Meli ikija, Jamna anakwenda.”

“Anakwenda wapi, Ba? Na mimba ile?”

“Kwao. Wewe ulitazama siku ya kwanza, ukasema til mbili. Iko ya tatu. Nyekundu, titi la kushoto. Muulize Joshi maana yake.”

Nilikwenda kwa Joshi nikijua tayari kuwa sitapenda jibu. Alikuwa ameketi bila kupima kitambaa chochote. Alisema kama mtu asomaye hukumu ya ndugu yake: “Til nyekundu kwenye titi la kushoto. Atazaa mtoto wa kiume mmoja, kisha atakuwa mjane. Ndivyo ilivyo. Ba anaijua kama mimi. Anaona mtoto yuko njiani, na mume yuko kitandani.”

“Na akiondoka mume atapona?”

“Hilo halimo popote. Hilo ni la mama mwenye hofu.”

“Basi mkataze.”

“Nimkataze nini? Nikimwambia elimu ni ya uongo, jana nilimwambia ni ya kweli. Mwanangu, nenda ukatazame. Mchana, kwenye mwanga. Siku ile ya kwanza haikuwepo. Til huota ukubwani, ndiyo, lakini nenda ukaone ni kitu gani.”

Nilijua safari ile. Nilikuwa nimemwona Jamna aliposhuka melini: alisafiri mzima, bila mimba, akafika amekonda vile. Kumrudisha kwa njia ileile, tumbo limekua, pamoja na watu asiowajua, ilikuwa kumtupa ziwani polepole.

Nikamchukua Jamna nyuma ya nyumba, kwenye baraza la kuogea, jua likiwa limepanda. Alikuwa amekwisha ambiwa. Hakulia. Alikunja nguo zake vizuri mno, moja juu ya moja, kama anayefunga mzigo.

Ile alama ilikuwa ya mviringo kweli, nyekundu kweli. Nikaitazama bila kuigusa kwanza. Til ina rangi iliyotulia ndani ya ngozi, mpaka ukingoni. Hii ilikuwa na ukingo mkali kama mdomo wa kibuyu, na katikati ngozi ilikuwa inang’aa, nyembamba. Upande mmoja ngozi ilikuwa imeanza kubanduka. Nikabonyeza kwa kidole gumba. Ikawa nyeupe, kisha wekundu ukarudi. Jamna akavuta pumzi kwa maumivu.

“Inauma?”

“Kidogo, dada.”

“Til haiumi. Umeungua?”

Akainamisha kichwa.

“Jamna, meli inakuja. Umeungua na nini?”

Akashika kile alichokivaa shingoni, hirizi yao ya fedha, kikopo kidogo cha mviringo chenye maombi ndani, kilichofungwa kwa uzi mweusi. Alisema kwamba alipoinama juu ya jiko kuoka mikate, kikopo kilining’inia mbele, kikagusa kikaango. Aliposimama kikarudi ndani ya blauzi. Fedha hushika moto upesi. Niliweka kitako cha kikopo juu ya alama. Vikalingana, hata kile kidoa cha lehemu pembeni kilikuwa na nafasi yake kwenye ngozi.

“Mbona hukusema?”

“Ba ndiye aliyenifunga. Aliifunga siku Premji alipoanza homa, inilinde. Nitasemaje kwamba imeniunguza?”

Sijui kama nilicheka au nilitaka kulia. Nilimwambia avae.

Nilifinyanga kiwiliwili palepale, udongo ukiwa bado mbichi. Kwenye titi la kushoto sikubonyeza unyasi. Nilimwomba Jamna hirizi, akaniinamia bila kuivua, nikabonyeza kitako chake kwenye udongo. Kisha nikaenda nacho kwa Joshi, na nikamwomba Ba aje, kwa sababu sikutaka kusema jambo hili mara mbili, na sikutaka alisikie kwa mwingine.

Joshi alikitazama kwa muda mrefu. Akakisogeza mlangoni kwenye mwanga. Akauliza: rangi inabadilika ukibonyeza? Ndiyo. Inabanduka? Ndiyo. Inauma? Ndiyo. Siku ya kwanza haikuwepo, na ukingo ni huu? Ni huu.

“Ba,” alisema, “hiki si til. Ni moto. Haisomwi.”

Ba alikinyakua kile kiwiliwili. Alilijua lile duara kabla ya sisi kumweleza; kidoa cha lehemu kilikuwa kwenye hirizi iliyokuwa yake mwenyewe, aliyoivaa alipokuwa mjamzito. Sikumwona akiaibika, nami sikuwa nimekuja kumwaibisha. Niliona tu mtu aliyekuwa amebeba mzigo, na mzigo umeanza kulegea, naye haamini.

“Na mkono?” akauliza. “Sonara aliona mkono.”

Jamna akaitwa nyuma ya pazia. Joshi akasema, “Nipe mkono.” Ukatoka wa kulia. “Huu ndio uliompa sonara?” Ndio huu, Jamna akajibu kwa sauti ndogo, ndio uliokuwa karibu na pazia. “Mwanamke husomwa wa kushoto. Nipe.” Ukatoka wa kushoto. Joshi aliuinamia, akapitisha ukucha chini ya kidole cha mwisho. Mstari ulikuwa mzima. Kisha akauchukua tena wa kulia, akaonyesha mkato, ambao ulikuwepo kweli, hakuuficha. “Mkono unaokanda unga na kufua kila siku hukatika hivi. Baada ya miezi utaona mwingine. Ba, usimpeleke mtu ng’ambo ya bahari kwa sababu ya mstari unaohama.”

Ba alisimama kwa shida ya magoti yake. Akaingia nyuma ya pazia. Sikuona, lakini nilisikia: Jamna alivuta pumzi ya kushtuka, kisha Ba akasema jambo kwa lugha yao, la upole, lenye maneno machache. Alipotoka alikuwa ameshika hirizi mkononi, uzi umekatwa. Akaniambia nikapake ile alama asali.

Meli ilikuja, ikapakia watu na mpunga, ikaondoka. Nilikuwa jikoni nikimsaidia Jamna kusafisha mchele, tukasikia honi yake. Hakuna aliyeinua kichwa. Ila mikono yake iliacha kupepeta kwa muda, kisha ikaendelea.

Premji hakupona siku hiyo, wala wiki hiyo. Homa ilipanda ikashuka. Kisha asubuhi moja Ba aliniita mlangoni, nikadhani ni yale tuliyoyahofia. Alikuwa ameshika chombo cha mkojo, amekielekeza kwenye jua, na mkojo ulikuwa wa rangi ya chai hafifu. Alinionyesha kama watu wanavyoonyesha kitambaa kipya. Ndani, Premji alikuwa anauliza kwa sauti ya mtoto kwa nini hakuna aliyempikia uji. Ba akakaa kizingitini akacheka, na mimi nikakaa kando yake, na chombo kile kikawa katikati yetu. Joshi alipita, akatazama, akatoa shukrani kwa mungu wake kwa sauti ya juu, kisha akarudi kupima vitambaa. Siku ile alipima vibaya, kila mteja alipata zaidi.

Nikiulizwa kama nilisadiki, jibu langu ni kwamba niliona. Niliona elimu ikitaka kumwangamiza mtu, na elimu ileile, ikitazamwa sawasawa, ikamwachia. Mchungaji wetu alinisema kwa kukaa katika mambo yale. Nilimwambia nilikuwa natazama ngozi tu. Akaniambia nitazame nafsi yangu pia. Alikuwa na haki.

Jamna alijifungua mwanzo wa mvua. Nilikuwa naye mimi na Shangazi, ambaye safari hii alivumilia harufu ya hingi. Uchungu ulikuwa mrefu, lakini ulikwenda vizuri. Alizaa msichana, mnene, mwenye sauti ya kuita ng’ombe.

Joshi aliposikia aliuliza kutoka upande wa pili wa pazia kama nina hakika ile til ya shingoni iko kushoto. Nikamwambia iko kushoto, na mtoto ni msichana. “Ni nyekundu?” Ni nyekundu, Mzee. “Hm,” akasema. Nami nikampenda zaidi kwa ajili ya ile “hm” kuliko kwa masomo yote.

Nilimwosha mtoto kwa maji ya uvuguvugu, nikamkausha, nikamlaza kwenye mapaja ya Ba. Nilikwisha chukua donge la udongo, maana ndiyo ilikuwa kazi yangu, nikaanza kuinua unyayo wake mdogo kwenye mwanga.

Ba akavuta kitambaa, akamfunika mtoto mpaka kidevuni.

“Usitazame,” alisema. “Huyu mwache hivihivi.”

Kisha akamwita Premji aje amwone mwanawe.